Barua ya kuomba kazi katika maabara ya wadudu ieleze jaribio

Mhitimu wa Matiri, wilayani Mbinga, anayeomba nafasi ya msaidizi wa utafiti katika maabara ya wadudu waenezao magonjwa, kama ile ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) iliyopo Muheza, hana budi kueleza katika barua yake kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Kuandika “nina uzoefu wa mbu” hakutoshi. Aeleze, kwa mfano, kwamba aliwaweka mbu jike katika mirija yenye karatasi zilizopakwa kiuatilifu kwa saa 1, kisha akahesabu waliokufa baada ya saa 24. Ataje pia mirija isiyo na dawa: vifo humo vikifikia asilimia 20, matokeo hutupwa, kwani huenda mbu waliuawa na joto au kushikwa vibaya. Ikiwa jaribio lake liliwahi kuharibika hivyo, alitaje bila kuficha.