Makato Yaliyojificha Katika Taarifa ya Kadi ya Mkopo

Taarifa ya kadi ya mkopo iliyopigwa picha huhakikiwa kwanza kwa hesabu. Huchukuliwa salio la mwezi uliopita, hutolewa malipo, kisha huongezwa manunuzi, ada na riba. Jibu lisipolingana na salio jipya, huenda 3 imesomwa kama 8, au ukurasa mmoja haukupigwa picha.

Riba na ada kwa kawaida huwa na mistari yake, yenye maneno kama "Interest" na "Late Fee". Mistari hii mara nyingi hukaa mwishoni mwa orodha ya miamala, sehemu ambayo picha hukatika kwa urahisi.

Gharama ya fedha za kigeni ni ngumu zaidi kuiona, kwa sababu baadhi ya benki huiingiza ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha. Tuseme kadi ya Kenya imelipia bidhaa ya dola 40, na taarifa inaonyesha shilingi 5,382. Kugawanya 5,382 kwa 40 kunatoa shilingi 134.55 kwa dola. Ikiwa kiwango cha mtandao wa kadi siku hiyo kilikuwa 130, bei halisi ni shilingi 5,200. Zilizozidi ni 182, yaani asilimia 3.5.

Visa na Mastercard huweka viwango vyao kwenye tovuti zao. Itazamwe tarehe ambayo muamala ulichakatwa, kwani huweza kuwa tofauti na siku ya ununuzi.