Je, Wajua? Cheti Kimoja na Vikwazo Vyake Njiani

Safu hii leo inafuata faili moja tu. Tuseme kuna fomu ya mtandaoni ya kuomba mkopo wa masomo, na mwombaji anatakiwa kupakia cheti chake cha kuzaliwa. Maelekezo yanasema: PDF au JPEG, isizidi MB 2. Mlangoni kuna seva ya `nginx`, na ndani kuna programu iliyoandikwa kwa PHP. Kazi ya mjaribu ni kujua kila mahali cheti hicho kinapoweza kukwama, na mwombaji ataambiwa nini kikikwama.

Je, wajua kwamba kuna waraka wa 1995 nyuma ya kitufe hicho?
Njia ya kutuma faili kupitia fomu ya tovuti ilielezwa Novemba 1995 katika waraka RFC 1867 wa E. Nebel na L. Masinter wa kampuni ya Xerox. Ndiyo iliyotuletea `multipart/form-data`: fomu nzima husafiri kama mzigo mmoja uliogawanywa vipande, jina la mwombaji kipande chake, cheti kipande chake, na kati yao mistari ya mpaka. Mistari hiyo nayo ina uzito, na uzito huo una madhara yake kama tutakavyoona.

Je, wajua kwamba fomu inaweza kuahidi megabaiti 2 huku mlango ukiruhusu 1?
`nginx` isipoelekezwa vingine hukataa mzigo wowote unaozidi megabaiti 1. PHP nayo, kwa mpangilio wake wa awali, hukubali faili la hadi megabaiti 2. Kwa hiyo cheti cha megabaiti 1 na nusu, kilicho halali kabisa kwa mujibu wa maelekezo, hurudishwa mlangoni kwa kosa 413, na PHP haipati habari kwamba kuna mtu alibisha hodi. Ule ujumbe mzuri wa Kiswahili ulioandikwa ndani ya programu, "Faili lako ni kubwa mno", hauonekani kamwe.

Kuna baya zaidi. Nyaraka za `nginx` zenyewe zinaonya kwamba vivinjari haviwezi kulionyesha kosa hilo ipasavyo. Seva inajibu wakati kivinjari bado kinamimina data, na mara nyingi mwombaji huona tu kwamba muunganisho umekatika. Atalaumu mtandao na kujaribu tena, bando likiisha bure.

Je, wajua kwamba kuupandisha mlango hadi megabaiti 2 kamili hakutoshi?
Hapa ndipo ile mistari ya mpaka inapoingia. `nginx` hupima mzigo mzima, PHP hupima faili peke yake. Megabaiti 2 kwa hesabu ya seva ni baiti 2,097,152. Faili la kiasi hicho hasa, likiongezwa jina la mwombaji na mistari ya mpaka, limeshavuka kikomo cha mlango. Mlango uachiwe nafasi, tuseme megabaiti 3, ili neno la mwisho juu ya ukubwa litoke kwa programu inayojua kuongea na watu.

Baada ya hapo yanatosha mafaili matatu: pungufu kwa baiti moja, kiasi kamili, na zaidi kwa baiti moja. Chukua nakala za JPEG ndogo ya kweli na uzirefushe:

```
truncate -s 2097151 chini.jpg
truncate -s 2097152 sawa.jpg
truncate -s 2097153 juu.jpg
```

Mawili ya kwanza yapite, la tatu likataliwe. Tumia JPEG badala ya PDF, kwa sababu programu za kufungulia picha kwa kawaida hupuuza kinachofuata baada ya mwisho wa picha, wakati PDF husomwa kuanzia mkiani. Ukiirefusha PDF kwa sifuri tupu inaweza kukataliwa kwa ubovu, nawe ukadhani kikomo cha ukubwa kinafanya kazi.

Je, wajua kwamba faili kubwa kupita kiasi linaweza kuifuta fomu nzima?
PHP ina kikomo cha pili, `post_max_size`, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 8 kwa mzigo mzima. Tuseme msimamizi amelegeza mlango hadi megabaiti 20, na mwombaji akatuma picha ya megabaiti 9. PHP haisemi "kubwa mno": inaiachia programu fomu isiyo na chochote, si cheti wala jina. Mwombaji aliyejaza kila kitu anaambiwa, "Tafadhali andika jina lako." Ukiona ujumbe wa namna hiyo katika majaribio, usianze kutafuta kosa kwenye sehemu ya jina, tazama kwanza uzito wa faili.

Je, wajua kwamba `.pdf` mwishoni mwa jina si ushahidi wa lolote?
Kipengele cha `accept` katika fomu huchuja tu orodha ya mafaili yanayoonyeshwa kwenye dirisha la kuchagua, na mtumiaji anaweza kukipita. Hata maelezo ya aina yanayotumwa na kivinjari mara nyingi hutokana na jina lilelile. Ushahidi umo ndani ya faili: PDF huanza na herufi `%PDF-`, na JPEG huanza na baiti `FF D8 FF`. Badilisha jina la picha iwe `cheti.pdf`, kisha uiulize kompyuta:

```
$ file --mime-type cheti.pdf
cheti.pdf: image/jpeg
```

Fomu yetu inapokea aina zote mbili, lakini ikiihifadhi picha hii kama PDF, afisa atakayeifungua kesho atakuta kosa. Pia mpe seva `CHETI.PDF` kwa herufi kubwa, ambalo ni halali na lipokelewe, kisha `cheti.pdf.php`, ambalo likihifadhiwa kwa jina hilo mahali pa wazi linaweza kutekelezwa kama programu. Dawa yake ni seva kulipatia kila faili jina jipya.

Je, wajua kwamba aliyekosea aina huenda hajui kama amekosea?
Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi huhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC. Aliyepiga picha cheti chake anaamini ana picha ya kawaida. Wengine huandika hati kwenye Word na kubadilisha jina tu liwe `.pdf`. Faili hilo huanza na herufi `PK`, kwa kuwa `.docx` ni kifurushi cha ZIP, na herufi hizo ni za Phil Katz aliyeubuni mtindo huo. Kwa hiyo usiishie kuhakikisha kwamba mafaili haya yamekataliwa. Soma ujumbe wenyewe. "Aina ya faili si sahihi" haumsaidii mtu. "Hii ni picha ya HEIC, tafadhali ihifadhi kama JPEG" unamsaidia.

Je, wajua kwamba kufunga dirisha na kupotea kwa mtandao ni majaribio mawili tofauti?
Ukifunga dirisha la kivinjari katikati ya safari, kompyuta huiaga seva, na seva hujua papo hapo. Simu ikiingia mahali pasipo na mtandao haiagi. Seva hubaki ikingoja, na `nginx` kwa kawaida husubiri sekunde 60 bila kupokea baiti yoyote ndipo inakata tamaa kwa kosa 408. Jaribu yote mawili, kisha uingie kwenye seva uangalie kama kuna vipande vya mafaili vilivyobaki, au ombi lililoandikwa kwenye hifadhidata bila cheti.

Zingatia kwamba sekunde hizo 60 huhesabiwa kati ya pokeo moja na linalofuata, si safari nzima. Mtandao wa polepole unaosonga haupaswi kukatwa. Hilo nalo linapimika:

```
curl --limit-rate 20k -F "cheti=@cheti.jpg" http://localhost/pakia
```

Kwa kasi hiyo, cheti cha megabaiti 1 na nusu huchukua takriban sekunde 77. Kikikatwa njiani, kuna mahali pengine pamewekwa kikomo cha muda wa safari nzima, na watakaoumia ni wenye mtandao dhaifu.

Je, wajua kwamba asilimia 100 si mwisho wa safari?
Mstari wa maendeleo huhesabu baiti zilizotoka kwenye kivinjari, si zilizohifadhiwa. Mtandao ukikatika baada ya seva kuhifadhi cheti lakini kabla jibu halijarudi, mwombaji ataona kosa na kubonyeza tena. Sasa kuna maombi mawili ya mtu mmoja, na huenda yote mawili yakafutwa kwa madai ya udanganyifu. Ili kulinasa kosa hili, weka kwenye seva ya majaribio ucheleweshaji wa sekunde 20 mara baada ya kuhifadhi, zima mtandao ndani ya sekunde hizo, uuwashe, utume tena. Kisha hesabu mistari kwenye hifadhidata. Uwe mmoja. Hilo huwezekana pale fomu inapopewa namba yake ya pekee tangu inapofunguliwa, ili seva iutambue utumaji wa pili kuwa ni uleule.

Je, wajua kwamba nusu ya picha hupita ukaguzi wa aina?
Kata JPEG ya baiti milioni moja na nusu:

```
head -c 800000 cheti.jpg > nusu.jpg
```

Kichwa chake ni kizima, kwa hiyo `file` bado itasema `image/jpeg`. Programu nyingi za picha zitaonyesha sehemu ya juu ya cheti, na chini kijivu kitupu, pengine pale penye muhuri na saini. Ukaguzi wa kweli ni seva kuisoma picha hadi mwisho wake, penye alama ya `FF D9`.

Je, wajua jinsi ya kumjua aliyeharibu faili?
Pima cheti kwa `sha256sum` kabla ya kukituma, kisha pima nakala iliyohifadhiwa kwenye seva. Kila kipimo hutoa tarakimu na herufi 64, na baiti moja ikibadilika, kipimo chote hubadilika. Vipimo vikilingana na faili halifunguki, lilikuwa bovu tangu kwa mwombaji. Visipolingana, limeharibika njiani au lilipokuwa linahifadhiwa, na kosa ni la mfumo. Ila kama seva hupunguza picha kwa makusudi, vipimo havitalingana kamwe, hivyo pima kabla ya hatua hiyo.

Je, wajua kuna cheti kinachofaulu yote haya na bado hakina faida?
Ni PDF iliyofungwa kwa nenosiri. Ukubwa ni halali, kichwa ni `%PDF-`, imefika nzima na vipimo vinalingana baiti kwa baiti. Afisa wa mikopo akiifungua anaombwa nenosiri asilolijua, na wakati huo dirisha la maombi huenda limeshafungwa. Iongeze kwenye orodha yako ya majaribio, na utake ikataliwe palepale mwombaji akiwa bado mbele ya fomu.