Kipandauso wakati wa hedhi: kaye ndogo yaweza kuonyesha tarehe ya maumivu

Kuna wanawake ambao kila mwezi, siku moja ao mbili kabla ya kuona damu, kichwa kinaanza kuwauma sana. Mara nyingi kinauma upande mmoja, kinagonga kama mapigo ya moyo, kisha kunafuata kichefuchefu na kuchukia mwangaza na kelele. Ugonjwa huo unaitwa kipandauso, ao migreni. Mashariki mwa Kongo ni rahisi kuudhania malaria, lakini kipandauso hakileti homa, na kinarudi pamoja na hedhi.

Chanzo chake ni homoni iitwayo estrojeni. Katika mzunguko wa mwezi homoni hiyo inapanda, kisha inashuka kwa haraka siku chache kabla ya damu kutoka. Kinachoamsha maumivu ni huko kushuka. Daktari Brian Somerville wa Australia alionyesha jambo hilo katika utafiti uliotangazwa mwaka 1972: wanawake waliopewa estrojeni kabla ya hedhi walipata damu kwa wakati wake, lakini kipandauso kilichelewa. Waliopewa projesteroni, damu ilichelewa, ila kichwa kiliuma kwa tarehe ileile.

Wataalamu wanahesabu siku tano za hatari: siku mbili kabla ya damu na siku tatu za kwanza za damu. Ikiwa kipandauso kinaanguka ndani ya siku hizo katika angalau miezi miwili kati ya mitatu, basi kina uhusiano na hedhi. Ili kujua hilo, inatosha kaye ndogo ao kalenda ya ukutani.

Tuchukue mfano wa mama muuza unga wa muhogo katika soko la Kadutu, mjini Bukavu. Anaandika kwamba damu ilianza tarehe 4 mwezi wa tatu, tarehe 1 mwezi wa nne na tarehe 29 mwezi wa nne. Kichwa kilimuuma tarehe 3, tarehe 31, tarehe 12 mwezi wa nne na tarehe 28. Mara tatu kati ya nne, maumivu yalianza siku moja kabla ya damu. Mzunguko wake ni wa siku 28, kwa hiyo hedhi inayofuata inatazamiwa tarehe 27 mwezi wa tano. Siku zake za hatari ni kuanzia tarehe 25 hadi 29.

Akiisha kujua hivyo, anaweza kupanga. Siku hizo halali njaa, halali kuchelewa, na kazi ya kupakua magunia anaipeleka kwenye juma lingine. Dawa anaiweka karibu na kuinywa mara tu maumivu yanapoanza: ibuprofeni ya miligramu 400, pamoja na chakula. Akingoja mpaka atapike, kidonge hakitamsaidia vizuri, kwa kuwa wakati wa kipandauso tumbo linafanya kazi polepole.

Ikiwa hiyo haitoshi, daktari anaweza kumwandikia naproksen ya miligramu 500, mara mbili kwa siku, kuanzia tarehe 25 hadi 29, kabla maumivu hayajafika. Njia hiyo inafaa kwa mwenye hedhi isiyobadilisha tarehe. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo ao ugonjwa wa figo, wala kwa mwenye mimba. Hedhi ikichelewa, aache vidonge na apime mimba kwanza.

Kuna pia hatari ya kuzidisha. Mtu anayekunywa dawa za kawaida za maumivu siku 15 ao zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Kaye inasaidia hapo pia: kila kidonge kiandikwe.

Wengine, kabla ya kichwa kuuma, wanaona vimulimuli ao mistari yenye kung’aa kwa dakika 5 hadi 60. Hao hawapaswi kutumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, kwa kuwa vinaongeza hatari ya kiharusi. Wamwambie muuguzi mapema, naye atawachagulia njia nyingine isiyo na estrojeni, kama kipandikizi cha mkononi.

Maumivu yanayoanza ghafla na kwa ukali usiojulikana, homa pamoja na shingo ngumu, mkono ao mguu kulegea, ao kichwa kumuuma sana mama mjamzito, hayo si ya kungoja kalenda. Ni ya kukimbilia kituo cha afya siku hiyohiyo.