Chuma Ndani, Shaba Nje: Nani Anabeba Mzigo?

Kwenye boti na meli nyingi, shafti inayozungusha rafadha ni ya chuma, lakini pale inapopita majini huvishwa bushi ya shaba. Bushi hiyo inakikinga chuma na maji ya chumvi, tena inavumilia msuguano wa beringi. Hakuna aliyeiweka pale ili ibebe nguvu ya injini. Hata hivyo, ikishabanwa sawasawa juu ya chuma haina hiari: shafti ikisokotwa, nayo husokotwa, na sehemu ya mzigo huingia ndani yake.

Ni sehemu kubwa kiasi gani? Ukiuliza karakana, wengi watajibu haraka kwamba chuma ndicho kinachobeba karibu yote, kwa kuwa chuma ni kigumu na shaba ni laini. Hesabu ya shafti yenye unene wa kawaida inaweza kutoa jibu la kinyume kabisa.

Tuchukue shafti moja. Kiini chake ni chuma chenye kipenyo cha milimita 40. Juu yake limebanwa bomba la shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, lenye kipenyo cha nje cha milimita 60. Kwa hiyo ukuta wa bomba una unene wa milimita 10. Injini inatoa torki, yaani nguvu ya kusokota, ya nyutoni-mita 1,000. Hiyo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 102 hivi kwenye ncha ya nondo ya mita moja iliyofungwa kwenye shafti. Injini inayotoa torki hiyo huku shafti ikizunguka mara 1,000 kwa dakika ina nguvu ya farasi 140 hivi.

Mtu akijaribu kugawa nyutoni-mita hizo 1,000 kwa kupima nguvu tu, atakwama. Anajua jambo moja: mgao wa chuma ukijumlishwa na mgao wa shaba lazima ufike 1,000. Hapo kuna vitu viwili asivyovijua na sharti moja tu, na kuna majozi yasiyohesabika yanayotimiza sharti hilo: 500 na 500, 900 na 100, na kadhalika. Sharti la pili halitoki kwenye nguvu, linatoka kwenye mwendo. Kwa kuwa bomba limebana na haliteleze, chuma na shaba lazima visokotwe kwa pembe ileile. Chuma kikipinda nyuzi moja, shaba nayo inapinda nyuzi moja. Basi yule anayegoma zaidi kusokotwa ndiye atakayebeba zaidi.

Ukaidi huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni asili ya metali yenyewe, na huandikwa kwa herufi G. Kwa chuma ni karibu gigapaskali 80, na kwa shaba ya njano ni karibu 40. Kwa hiyo, vipande viwili vikiwa na umbo moja, cha chuma ni kikaidi mara mbili ya cha shaba. Hapo ndipo wengi wanapoishia.

Sehemu ya pili ni umbo, na huandikwa kwa herufi J. Hapa kipenyo kina uzito usiotarajiwa, kwa sababu ukaidi wa umbo hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Chembe ya metali iliyo mbali na kitovu husogea zaidi shafti inaposokotwa, kwa hiyo inakaza zaidi. Pia inavuta kwa mkono mrefu zaidi. Tena mduara wa nje una metali nyingi kuliko wa ndani. Faida hizo zikizidishana, milimita chache za nje zinashinda milimita nyingi za katikati. Mfaransa Charles-Augustin Coulomb alilionyesha hilo mwaka 1784 kwa kuning'iniza mizigo kwenye nyaya za chuma na za shaba ya njano, kuiacha izunguke huku na huku, na kupima muda wa mzunguko.

Sasa tugawe. Namba π/32 iliyomo kwenye kanuni ya J iko pande zote mbili, kwa hiyo tunaweza kuiacha. Kwa chuma, 40 ikizidishwa yenyewe mara nne ni 2,560,000. Kwa bomba tunachukua 60 kwa namna hiyohiyo, ambayo ni 12,960,000, na kuondoa tundu la 40, inabaki 10,400,000. Umbo la bomba, basi, ni kaidi mara nne na kidogo ya kiini. Tukiupa kila upande uzito wa metali yake, chuma kikihesabiwa mara mbili na shaba mara moja:

```
Chuma: 2,560,000 × 2  =  5,120,000
Shaba: 10,400,000 × 1 = 10,400,000
Jumla:                  15,520,000

Mgao wa chuma: 5,120,000 / 15,520,000 = 0.33
Mgao wa shaba: 10,400,000 / 15,520,000 = 0.67
```

Chuma kinabeba nyutoni-mita 330 na shaba 670. Theluthi mbili za mzigo ziko kwenye metali iliyowekwa pale kama vazi. Bomba likipunguzwa unene kutoka milimita 10 hadi 4, mgao wake hushuka hadi asilimia 35. Bado si haba kwa ganda jembamba namna hiyo.

Kujua mgao hakutoshi. Metali haivunjiki kwa sababu ya torki yote iliyobeba, bali kwa mkazo uliopo mahali fulani ndani yake. Mkazo huo hupatikana kwa kuzidisha torki ya kipande kwa umbali kutoka kitovu, kisha kugawa kwa J, safari hii ile π/32 ikirudishwa mahali pake. Kwenye ukingo wa nje wa shaba, milimita 30 kutoka kitovu, mkazo ni megapaskali 19.7. Kwenye ukingo wa chuma, milimita 20 kutoka kitovu, ni megapaskali 26.3.

Tazama hapo zinapogusana. Upande wa chuma mkazo ni 26.3, na upande wa shaba, palepale kwenye milimita 20, ni 13.1. Kwenye shafti ya metali moja mkazo hupanda taratibu kutoka kitovu hadi nje. Hapa unapanda, unaanguka hadi nusu mpakani, kisha unaanza kupanda tena. Ni nusu kamili kwa kuwa pande zote mbili zimesogea sawa, na shaba ina nusu ya ukakamavu wa chuma. Matokeo yake ni kwamba mkazo mkubwa kuliko wote katika shafti hii umefichwa chini ya bomba, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki.

Je, mkazo mkubwa ndio hatari kubwa? Si lazima. Tuseme msanifu ameruhusu megapaskali 80 kwa chuma na 40 kwa shaba. Torki ikiongezwa, shaba inafika 40 injini inapotoa nyutoni-mita 2,031, na wakati huo chuma kiko kwenye 53 tu. Shaba inafika kikomo kwanza ingawa mkazo wake ni mdogo, na ndiyo inayoweka mpaka wa shafti nzima.

Hapa ndipo wanafunzi na hata mafundi wazoefu hukosea. Huchukua torki ambayo chuma peke yake kinaweza kubeba, 1,005, huongeza ile ambayo bomba peke yake linaweza, 1,361, na kutangaza kwamba shafti inahimili 2,366. Kosa ni kudhani kwamba vyote viwili vinafika kikomo kwa wakati mmoja. Pembe ni moja, na pembe inayoifikisha shaba mwisho wake inakiacha chuma na akiba kisichoweza kuitumia. Kwa torki ya 2,366 shaba ingekuwa imevuka kikomo kwa zaidi ya asilimia 16.

Hesabu yote imesimama juu ya neno moja tulilolipitia haraka: haliteleze. Kwa kawaida injini hufungwa kwenye chuma, si kwenye bomba. Ili shaba ipate mgao wake wa 670, mzigo huo lazima uvuke mpaka kwa msuguano. Kwenye nusu-kipenyo cha milimita 20, hiyo ni nguvu ya nyutoni 33,500, zaidi ya tani tatu, ikijaribu kulizungusha bomba juu ya chuma. Mbano unaoizuia hupatikana kwa kukereza tundu la bomba dogo kidogo kuliko chuma, kwa mfano kwa sehemu nne za mia za milimita, kulipasha moto bomba litanuke, kulivisha, na kuliacha lipoe. Shaba hutanuka kwa joto kuliko chuma. Kwa sababu hiyohiyo, shafti ikipata joto la nyuzi 50 zaidi kazini, karibu theluthi ya mbano huo hupotea.

Mbano ukiisha, chuma kinarudi kubeba nyutoni-mita 1,000 peke yake. Mkazo wake unaruka kutoka 26 hadi karibu 80, mara tatu, na kwa nje huoni chochote. Njia rahisi ya kugundua ni kuchora mstari mmoja mwembamba kwenye uso wa mwisho wa bomba, uvuke kutoka shaba hadi chuma, kabla shafti haijafungwa. Boti ikipandishwa kukarabatiwa, tazama mstari huo. Ukiwa umekatika na vipande vyake havielekeani, bomba limeteleza.

Ncha ya bomba inahitaji kuangaliwa kwa sababu nyingine pia. Hapo shaba inamrudishia chuma mzigo wake wote katika urefu mfupi, na hapo ndipo maji ya chumvi hupenya chini ya bomba na kuanza kukila chuma. Kutu na mkazo unaopanda na kushuka huzaa nyufa. Shaba ya njano nayo ina ugonjwa wake baharini: zinki huliwa na kubaki shaba nyekundu yenye vitundu. Mabaka mekundu juu ya bomba la njano ni dalili kwamba metali iliyohesabiwa haipo tena, na ndiyo maana kwenye meli bushi hizi hutengenezwa zaidi kwa shaba iliyochanganywa na bati.

Kwa hiyo shafti yetu ina majibu matatu. 2,366 ni kosa. 2,031 ni kweli ikiwa bomba limefungwa kwenye chuma kwa pini au limeungwa ncha zote mbili, kiasi kwamba haliwezi kuteleza. Likiwa limeshikwa na mbano peke yake, msanifu mwangalifu hukipima chuma kana kwamba bomba halipo, naye ataandika 1,005. Hata hivyo bado atakokotoa mgao, kwa sababu shaba itachukua theluthi mbili zake iwe ameihesabu au hakuihesabu, na ni lazima ajue kwamba itazimudu.