Kidevu Kilichorudi Nyuma: Sindano, Kipandikizi au Msumeno?

Anayelalamikia kidevu chake mara nyingi humwendea daktari na picha aliyojipiga kwa simu, na picha hiyo ndiyo ya kwanza kuwekwa kando. Simu ikishikwa karibu na uso hukuza kilicho mbele, yaani pua, na kupunguza kilicho nyuma yake, hivyo kidevu kisicho na tatizo huonekana kimezama. Picha inayofaa hupigwa na mtu mwingine kutoka ubavuni, akiwa mbali kidogo, mpigwaji akitazama mbele, meno ya nyuma yameumana na midomo imelegea. Akiinua uso hata kidogo, kidevu kitasogea mbele bila kugharimu senti.

Juu ya picha hiyo daktari huteremsha mstari wima kutoka ukingo wa mdomo wa chini. Kwa mwanamume, ncha ya kidevu hutarajiwa kuufikia au kuukaribia mstari. Kwa mwanamke hukaa nyuma yake kidogo, milimita 1 hadi 3. Lakini vipimo vya namna hii vilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya nyuso za Wazungu, na hapo ndipo Mwafrika anapoweza kupotoshwa. Wengi wetu tuna meno ya mbele, ya juu na ya chini, yaliyoelekea nje, na midomo hufuata meno. Mstari ukianzia kwenye mdomo uliotokeza, kidevu kizima kabisa kitasomeka kuwa kimerudi. Mtu huyo akijaziwa kidevu hadi kifikie mdomo, sehemu yote ya chini ya uso itatokeza. Kama kweli anasumbuka, kwa mfano midomo haikutani mpaka aikaze, dawa yake iko kwa daktari wa kupanga meno. Huyo anaweza kung'oa magego madogo manne na kuyarudisha meno ya mbele kwa waya, na midomo ikirudi kidevu huonekana chenyewe.

Baada ya midomo huangaliwa meno yanavyoumana. Kidevu ni ncha tu ya taya la chini. Ikiwa taya lote ni fupi, meno ya juu huyaacha ya chini kwa pengo kubwa, na kusogeza ncha peke yake hakutalirekebisha pengo hilo. Wapo pia ambao taya lao liliacha kukua utotoni, baada ya kuanguka na kuumiza kidevu au baada ya usaha wa sikio, kiungo cha taya kikashikana na mfupa wa fuvu. Dalili yake haifichiki: mdomo haufunguki vya kutosha hata kuingiza kijiko vizuri. Mwingine hukoroma sana na kukatika pumzi usingizini, kwa sababu taya fupi huupeleka ulimi nyuma. Hao wote ni wa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, kama wale wa Muhimbili au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kuwachoma sindano ya urembo ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Aliyebaki ni yule ambaye meno yake yanaumana vizuri na mfupa wa kidevu ndio uliopungua. Huyo ndiye wa kuchagulia kati ya njia tatu.

Fila ndiyo nyepesi kuliko zote. Inayotumika zaidi ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, na mwaka 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha mojawapo, Juvéderm Voluma, kwa ajili ya kidevu. Daktari huiweka chini kabisa, juu ya mfupa, kwa kiasi cha mililita 1 hadi 3 hivi. Kazi huchukua chini ya nusu saa, na matokeo hudumu mwaka mmoja hivi, kwa wengine zaidi. Inamfaa mwenye upungufu mdogo, wa milimita 3 au 4, na mtu ambaye hajaamua: anaweza kuishi na kidevu kipya kwa miezi kadhaa kabla ya kukubali kisu. Asipokipenda, jeli huyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi. Bidhaa nyingine za kujazia haziyeyuki hivyo, na silikoni ya maji, ambayo wapo wanaoichoma vichochoroni, haitoki tena bila kukatwa pamoja na nyama.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni sindano basi haina hatari. Kidevuni hupita matawi ya mishipa ya damu inayolisha mdomo na ngozi ya chini ya kidevu. Jeli ikiingia ndani ya mshipa huziba, na nyama inayoutegemea huanza kufa. Vitabu huonyesha ngozi ikiwa nyeupe kisha ikichorwa madoa ya zambarau kama wavu, lakini kwenye ngozi nyeusi weupe huo ni vigumu kuuona. Kinachosaidia ni kubonyeza ngozi kwa kidole na kuachia, kisha kulinganisha na upande wa pili: damu inayochelewa kurudi ni ishara mbaya. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua ni ishara nyingine, ingawa ganzi iliyochanganywa ndani ya jeli inaweza kuyaficha kwa muda. Hapo hayaluronidezi hutakiwa mara moja, kwa wingi, na kurudiwa. Kwa hiyo swali la kumwuliza anayechoma ni fupi: dawa hiyo ipo humu chumbani? Asiyekuwa nayo asikuguse.

Hesabu ya fedha nayo ina lake. Mtu anayetaka milimita 8 kwa jeli atahitaji sirinji nyingi, atazirudia mwaka hadi mwaka, na kidevu kitaanza kuwa cha mviringo na kizito badala ya kuwa na ncha ya mfupa. Baada ya miaka michache gharama inaweza kuzidi ya upasuaji.

Kipandikizi kwa kawaida ni kipande cha silikoni ngumu, au plastiki yenye vitundu ambavyo nyama huota ndani yake. Huingizwa kupitia mkato mfupi chini ya kidevu au ndani ya mdomo, kikalazwa juu ya mfupa, chini ya utando wake. Kwa ngozi zetu mkato wa chini ya kidevu una jambo la kufikiriwa: mwenye historia ya makovu yanayovimba, yaani keloidi, ni bora akatwe ndani ya mdomo, ingawa mdomo una bakteria wengi zaidi.

Kinamfaa mtu mzima ambaye kidevu chake kimepungua kwenda mbele tu, kwa kiasi cha wastani, na urefu wa uso ni sawa. Kipandikizi husukuma mbele, na wala hakishushi wala kunyoosha sana. Tatizo lake kubwa ni kwamba hakiwi sehemu ya mwili. Maambukizo yakiingia, hata baada ya muda, mara nyingi kinalazimika kutolewa. Kinaweza kuhama upande. Na misuli ya kidevu inapokikandamiza, mfupa ulio chini yake hulika polepole. Kikikaa mahali pake, chini kwenye mfupa mgumu, kulika huko huwa kidogo na kusiwe na madhara. Kikiwa kimewekwa juu mno, kwenye mfupa mwembamba uliobeba mizizi ya meno, meno ya mbele yanaweza kuuma. Eksirei ya ubavuni huonyesha.

Njia ya tatu haiongezi kitu kigeni ila hutumia kidevu chenyewe. Madaktari huiita jenioplasti. Mwaka 1957 Trauner na Obwegeser walieleza namna ya kuifanya kupitia ndani ya mdomo, na hadi leo hufanywa hivyo. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi. Fizi hukatwa mbele ya meno ya chini, misuli huteremshwa, na msumeno mwembamba hukata mfupa kwa mlalo, chini ya mizizi ya meno na kama milimita 5 chini ya tundu ambalo neva ya mdomo hutokea. Umbali huo una sababu: kabla ya kutoka, neva hiyo hushuka ndani ya mfupa kisha hupanda. Kipande cha chini huvutwa mbele, kikafungwa kwa bamba dogo la titani na skrubu, na kinaungana na mfupa kama mvunjiko wowote unavyoungana.

Kwa kuwa kipande kiko huru, kinaweza kwenda mbele, kushuka, kupanda au kunyooshwa kilipopinda. Misuli ya ulimi na ya chini ya kidevu iliyoshikana nacho huvutwa pia, na ndiyo maana shingo huonekana imekaza.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 26. Mstari wima unaonyesha kidevu kiko nyuma kwa milimita 8. Meno yanaumana vizuri. Akikaza midomo, ngozi ya kidevu inajikunja vijishimo. Kutoka chini ya pua hadi mstari wa midomo ni milimita 22. Kwa kawaida kutoka midomo hadi chini ya kidevu huwa mara mbili ya hapo, yaani 44, lakini yeye ana 39. Na ule mfereji ulio kati ya mdomo wa chini na kidevu, ambao kwa kawaida huwa na kina cha milimita 4 hivi, kwake umefika 7.

Mfereji huo ndio unaoamua. "Daktari, mimi nataka kipandikizi, kinapona haraka," anasema. "Kijana wangu, nikikusukuma mbele bila kukushusha, hapa patazama zaidi," anajibiwa, daktari akiweka kidole kwenye mfereji. Jeli nayo isingeziba upungufu wa milimita 8 mbele na 5 chini. Jenioplasti ya kusogeza milimita 7 au 8 mbele na 4 hivi chini humfungulia mfereji na kurefusha uso. Lau mfereji wake ungekuwa wa kawaida, urefu wa uso kamili na upungufu milimita 5, kipandikizi kingetosha kabisa. Lau ungekuwa milimita 3, angeanza na sindano.

Gharama ya njia hii huonekana wiki zinazofuata. Chakula laini kwa wiki mbili hivi, uvimbe unaochukua miezi kuisha wote, na ganzi ya mdomo wa chini na kidevu ambayo kwa wengi hurudi taratibu na kwa wachache hubaki. Mahali mfupa ulipokatwa panaweza kubaki na kidaraja kinachoguswa kwa kidole pembeni ya taya. Lakini kinachomtofautisha fundi mzuri ni misuli ya kidevu anavyoirudisha. Isiposhonwa vizuri mahali pake, mdomo wa chini hulegea na meno ya chini huonekana hata mtu akiwa kimya. Jambo hilo hutokea pia kwa kipandikizi kilichoingizwa kupitia mdomoni.

Kwa vijana, kisu husubiri taya limalize kukua, kwa wavulana aghalabu miaka 17 au 18, kwa wasichana mapema kidogo. Na aliyewahi kuchomwa jeli kisha akaamua kukatwa aseme wazi, iyeyushwe kwanza, ili vipimo vichukuliwe kwenye kidevu chake mwenyewe.