Barua ya askari wa Kongo kutoka Sayo, 1941: namna ya kusoma yasiyoandikwa

Tukisikia "barua ya askari" tunawaza risasi na mizinga. Lakini askari wa Force Publique akimuandikia mama yake, vita njo kitu anachosema kidogo zaidi. Tuangalie sababu yake.

Kwanza mahali. Mwaka 1941, Ubeljiji ikiwa tayari mikononi mwa Wajerumani, askari wa Kongo walitumwa kuwapiga Waitaliano kule Abisinia. Walipita Juba, wakapanda mashua ya Mto Nile hadi Malakal, kisha wakaelekea mashariki. Mwezi wa tatu waliteka Asosa na Gambela. Halafu wakakwama miezi mingi chini ya mlima wa Sayo, adui akiwa juu yao.

Shida kubwa ilikuwa chakula. Wakati wa kiangazi maji ya mto Baro yanapunguka na mashua haifiki Gambela. Mvua ikija, mto unajaa, lakini barabara ya kupanda mlima inageuka matope. Basi mwezi wa sita askari walikuwa na njaa, kuhara na beriberi, ugonjwa unaotokana na kukosa vitamini B1.

Sasa barua. Hii nimeitunga mimi mwenyewe, nikifuata mambo ya wakati ule:

"Kwa mama yangu. Mimi mtoto wako niko muzima, Mungu anasaidia. Huku tulipo kuna mto na kuna mlima. Mvua inanyesha usiku na muchana, na baridi yake si ya kwetu. Chakula tunapata. Lakini juzi usiku niliota sombe yako, nikaamka nikiwa natafuna.

Yule mwenzangu tuliyetoka naye kijijini anakusalimu. Siku hizi anatembea kwa fimbo kama muzee, tunamucheka. Mwambie mama yake kwamba amechoka tu.

Kama kodi ya baba haijalipwa, uzeni mbuzi dume mweusi. Jike musiuze. Mke wangu asiondoke kwenda kwao mbele sijarudi. Na mtoto, ameanza kutembea? Mwenye kunijibu aandike jambo hilo kwanza, mengine yafuate.

Ni mimi mtoto wako. Mwenye kuandika ni rafiki yangu aliyesoma kwa mapadri; naye anakusalimu."

Tuisome polepole. Jina la mahali halimo hata moja, maana barua za vita zilipita kwanza machoni mwa wakubwa wa jeshi, na neno "Gambela" lingefutwa. Njo maana anasema "mto" na "mlima" tu. Mama hawezi kujua mtoto wake yuko inchi gani.

Pili, "chakula tunapata". Askari anayelalamika njaa anaweza kuitwa mchochezi, tena anamuhurumia mama. Kumbe ndoto ya sombe inasema yote: mtu aliyeshiba haamki akitafuna.

Tatu, fimbo. Kijana wa vita kutembea kama mzee si mchezo. Mtu wa beriberi miguu inalegea, wengine inavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mganga akisoma mstari ule anashtuka. Mama wa yule kijana, yeye, ataambiwa "amechoka tu" na atalala usingizi.

Nne, mikono iliyopitisha barua. Askari wengi hawakujua kuandika, na lugha ya amri jeshini ilikuwa Lingala. Anasema, rafiki anaandika, mkubwa anakagua, na kule kijijini labda katekista anaisoma kwa sauti, jamaa yote ikisikiliza. Utamwambiaje mke wako kwamba unamukumbuka, watu hao wote wakiwa katikati? Unasema asiende kwao. Unauliza kama mtoto anatembea. Mapendo yake yote yako hapo.

Ukipata barua ya namna hii katika sanduku la babu, usitafute tu ushujaa. Tafuta kinachorudiwa, kinachochekwa, na kinachoulizwa mwishoni. Ila uangalie: mwandishi naye alikuwa na maneno yake ya kuzoea. "Niko muzima, Mungu anasaidia" inaweza kuwa desturi ya wale waliosoma kwa mapadri, si sauti ya askari. Lakini habari ya mbuzi jike hakuna mwandishi anayeweza kuitunga. Hiyo ni ya mwenyewe.

Tarehe 3 mwezi wa saba 1941, Jenerali Gazzera wa Waitaliano alikubali kushindwa kule Sayo mbele ya Jenerali Gilliaert. Vitabu vinataja majina ya hao wawili. Askari wetu, yeye, alikuwa bado anangoja jibu: mtoto ameanza kutembea, ao bado?