Je, Wajua? Mkono Wako ni wa Moto, Upepo, Maji au Udongo?

Je, wajua kwamba msomaji wa viganja aliyeiva haanzi na mistari? Kabla hajautafuta mstari wa maisha au wa moyo, huutazama mkono mzima na kujiuliza maswali mawili. Kiganja ni cha mraba au kirefu? Vidole ni virefu au vifupi? Majibu yake ndiyo yanayozaa aina nne za mikono. Kiganja cha mraba chenye vidole vifupi ni mkono wa udongo, na chenye vidole virefu ni mkono wa upepo. Kiganja kirefu chenye vidole virefu ni mkono wa maji, na chenye vidole vifupi ni mkono wa moto.

Je, wajua kila mkono husemwa nini? Wa udongo huambiwa ni mtu wa vitendo na subira, anayeamini anachokigusa. Wa upepo ni mtu wa fikra na mazungumzo, mwepesi wa kuuliza kwa nini. Wa maji ni mtu wa hisia, huruma na ndoto. Wa moto ni mwenye ari, anayeanza jambo kabla wenzake hawajamaliza kulijadili. Tazama mpango ulivyo: upana wa kiganja hubeba uhalisia, na urefu wa vidole hubeba fikra na umakini kwa mambo madogo madogo. Ukishayashika hayo mawili, huhitaji kukariri chochote.

Je, wajua kwamba elementi zenyewe ni za kale, lakini mpango wa mikono minne ni wa juzi? Empedokle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kisiwa cha Sisilia katika karne ya 5 kabla ya Kristo, ndiye aliyefundisha kwamba vitu vyote vimetokana na moto, hewa, maji na udongo. Fundisho hilo lilipita kwa matabibu wa Kigiriki na wanazuoni wa Kiarabu, na mtu wa pwani yetu anayejua falaki ataitambua migawanyo hiyo hiyo katika nyota: Simba ni ya moto, Mizani ya upepo, Kaa ya maji, Ng'ombe ya udongo. Lakini kuigawa mikono kwa elementi hizo kulipata sura inayojulikana leo kupitia mwandishi Mwingereza Fred Gettings, katika kitabu chake kuhusu mkono kilichotoka mwaka 1965.

Je, wajua kwamba kabla ya hapo aina zilikuwa saba? Zilipangwa na ofisa wa jeshi la Ufaransa, Casimir d'Arpentigny, katika kitabu chake cha karne ya 19. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa akialikwa nyumbani kwa tajiri mmoja aliyependa hesabu na mitambo, ambaye mkewe alipenda sanaa. Mume alikuwa na siku yake ya wageni, mke na yake, na ofisa huyu alihudhuria zote mbili. Akaona vidole vya wanahesabu vina vifundo vilivyotokeza, ilhali vya wasanii ni laini. Kwa uangalifu wa namna hiyo alijenga aina sita, kisha akaongeza ya saba ya mikono mchanganyiko, kwa ile isiyoingia popote. Gettings alipozipunguza kuwa nne alirahisisha mambo, kwa sababu sasa rula ingeweza kutumika.

Je, wajua jinsi ya kupima? Kunjua mkono, kiganja kikutazame. Pima urefu wa kiganja kuanzia mkunjo wa kwanza wa kifundo cha mkono hadi mkunjo ulio kwenye shina la kidole cha kati. Pima kidole cha kati kuanzia mkunjo huo hadi ncha ya nyama, bila kuhesabu ukucha. Kisha pima upana wa kiganja chini kidogo ya vidole vinne. Usipime kwa upande wa mgongo wa mkono. Kule, kifundo cha kidole kiko nyuma zaidi kuliko mkunjo wa upande wa kiganja, kwa hiyo kidole kile kile huonekana kirefu kwa sentimita mbili au zaidi. Watu wengi wanaojiona wana vidole virefu wamejitazama upande huo.

Je, wajua kwamba mkono mmoja unaweza kupita katika elementi zote nne bila kubadilika hata kidogo? Chukua mkono wa kawaida wa mwanamume: kiganja kina urefu wa sentimita 10.5, upana chini ya vidole ni 8.5, na kidole cha kati ni 7.9. Baadhi ya walimu husema kidole ni kirefu pale tu kinapolingana na kiganja. Kwa kanuni hiyo, 7.9 ni kifupi, kiganja cha 8.5 kwa 10.5 ni kirefu, na mkono huu ni wa moto. Wengine husema robo tatu ya kiganja inatosha. Robo tatu ya 10.5 ni karibu 7.88, kwa hiyo kidole kimevuka kwa unywele, na mkono umekuwa wa maji. Sasa pima upana pale kwenye nyama ya kidole gumba, kama wengine wanavyofanya. Unapata 10.2, na kiganja kinakaribia mraba. Kwa kanuni ya robo tatu mkono ni wa upepo, na kwa kanuni ya kwanza ni wa udongo.

Je, wajua chanzo cha utata huo? Ni kwamba mikono ya binadamu haijigawi katika mafungu manne. Kwa watu wengi kidole cha kati ni karibu robo tatu ya kiganja, yaani mpaka unaotumiwa na baadhi ya wasomaji umepita katikati kabisa ya umati. Ukisogeza rula milimita moja, maelfu ya watu huhama kutoka elementi moja hadi nyingine. Ukidai usawa kamili kati ya kidole na kiganja, na kati ya upana na urefu, karibu kila mtu duniani anakuwa wa moto. Basi msomaji akikuambia aina yako, muulize kwanza amepima wapi na mpaka wake ni upi. Asipoweza kujibu, amekukadiria kwa macho tu.

Je, wajua kwamba kila kidole kina sayari yake? Cha shahada ni cha Mshtarii, na huhusishwa na uongozi na kujiamini. Cha kati ni cha Zohali, na huhusishwa na wajibu. Cha pete ni cha Jua, na huhusishwa na sanaa na kuthubutu. Kidole kidogo ni cha Utaridi, na huhusishwa na maneno na biashara. Kipimo chake ni ncha: kwa kawaida kidole kidogo hufika kwenye mkunjo wa juu wa kidole cha pete. Kikipita, husemwa kwamba mtu ana ulimi wa ushawishi. Kisipofika, husemwa ana haya. Hata hivyo, vidole havianzii kwenye mstari mmoja. Shina la kidole kidogo likikaa chini zaidi, ncha nayo hushuka, hata kama kidole chenyewe ni kirefu. Kwa hiyo pima kila kidole kuanzia mkunjo wake mwenyewe.

Je, wajua kwamba wanasayansi nao hupima cha shahada na cha pete? Mwaka 1998 mwanabiolojia John Manning na wenzake walichapisha utafiti uliovuta macho ya wengi kwenye uwiano wa vidole hivyo viwili. Kwa wastani, kidole cha pete cha wanaume huzidi cha shahada kuliko ilivyo kwa wanawake, na wengi huhusisha jambo hilo na homoni za tumboni kabla ya kuzaliwa. Lakini tofauti hiyo ya wastani ni kama milimita moja tu, sawa na kosa la mkono unaotetemeka ukishika rula, na vipimo vya wanaume na wanawake hupishana sana. Kwa hiyo uwiano huo unaweza kusema jambo kuhusu makundi makubwa ya watu. Hauwezi kukuambia kama huyu aliyekaa mbele yako ni jasiri au mwoga.

Je, wajua kwamba kuna wanaosoma urefu wa vidole kwa manufaa ya kweli? Ni madaktari. Vidole virefu vyembamba kupita kiasi vinaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kurithi uitwao Marfan, ambao hulegeza tishu za mwili na kuhatarisha mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni. Daktari humwambia mgonjwa akunje ngumi akikifunika kidole gumba ndani, kisha hutazama kama ukucha wake unatokeza upande wa pili. Humwambia pia akizungushie kifundo cha mkono mwingine kidole gumba na kidole kidogo, aone kama vinapandana. Dalili hizo peke yake hazitoshi kuthibitisha ugonjwa, lakini zikionekana kwa mtu mrefu mwembamba mwenye matatizo ya macho au ndugu aliyekufa ghafla kwa moyo, ni sababu ya kwenda hospitali.

Je, wajua kwa nini usomaji huonekana kupatia hata mpaka ukikosewa? Mwanasaikolojia wa Marekani Ray Hyman alisoma viganja kwa malipo alipokuwa kijana, na aliamini kabisa kazi yake kwa sababu wateja walimhakikishia kwamba amewapatia. Rafiki yake mmoja akamshauri ajaribu kuwaambia watu kinyume cha kile ambacho mkono ulisema. Alifanya hivyo, na wateja waliridhika kama kawaida. Hapo akatambua kwamba ni mteja anayeyachukua maneno na kuyatafutia mahali katika maisha yake. Mwambie mtu yeyote kwamba ana subira ila akichokozwa huwaka, atakumbuka siku ambayo ilikuwa hivyo, awe wa udongo au wa moto.

Basi pima mkono wako, upime na wa jirani, mfurahie kulinganisha. Umbo la mkono ni urithi wa wazazi na alama ya kazi na umri, na hayo ni mengi ya kutosha kusoma. Lakini mtu asinyimwe mchumba, kazi wala imani kwa sababu kidole chake kimepungukiwa milimita moja. Tabia ya mtu ipimwe kwa matendo yake.